Kuipitia sura ya kumbukumbu: palipofupishwa ndipo pa kuchimba

Katika miswada ya kumbukumbu ninayoisoma, mahali pa kutilia shaka hapajifichi sana. Ni pale ambapo mwandishi, baada ya kusimulia kwa utulivu jinsi mvua ilivyochelewa na jinsi mama alivyokuwa akipepeta mtama, anafika kwenye jambo lenyewe lililomuuma, kisha analivuka kwa sentensi moja: "Pesa ya ada ikaliwa." Ichunguze sentensi hiyo. Mara nyingi utakuta mwandishi hajui kwa hakika kilichotokea, hajatuonyesha hata kile anachokijua, na tayari kuna ndugu aliye hai ambaye amekwisha kuhukumiwa.

Ndiyo maana sipendi kuona ukweli, uwiano wa onyesho na muhtasari, na haki kwa ndugu vikishughulikiwa kama mambo matatu yasiyojuana. Utayakagua kwa zamu, lakini kila mara utarudi kwenye sentensi zilezile.

Kwa onyesho ninamaanisha kipande kinachotokea mbele ya macho ya msomaji: mahali fulani, saa fulani, watu wanatenda na kusema. Muhtasari ni pale mwandishi anapokusanya siku, miezi au miaka na kutueleza kwa jumla. Kumbukumbu nzuri inavihitaji vyote viwili.

Nitatumia sura moja ya kubuni ili tufanye kazi kwa mfano ulio wazi. Ina maneno 3,100. Mwandishi ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu aliyekulia kijijini wilayani Mpwapwa, mkoa wa Dodoma. Anasimulia mwaka 1984, alipochaguliwa kuingia sekondari ya bweni. Baba yake aliuza ng'ombe, pesa akamkabidhi mdogo wake, yaani baba mdogo wa mwandishi, aliyekuwa akifanya kazi Morogoro mjini, ili alipe shuleni na kununua vitu vilivyoorodheshwa kwenye fomu ya kujiunga. Mwaka ule binti hakwenda shule. Baba ameshafariki. Mama, shangazi na baba mdogo wapo.

Kabla ya kushika kalamu

Iache sura walau wiki tatu bila kuigusa, kisha ichapishe kwenye karatasi, mistari ikiwa na nafasi na pambizo pana. Kwenye skrini mkono unakimbilia kurembesha sentensi, na kazi hii si ya kurembesha. Tafuta kalamu za rangi tatu. Utaisoma sura mara tatu, kila mara kwa rangi yake na kwa swali lake, na hutasahihisha chochote mpaka usomaji wa tatu uishe. Ukianza kusahihisha mapema utaifanya sentensi yenye uongo isomeke vizuri, na baadaye utaionea huruma.

Usomaji wa kwanza: umejuaje?

Kila sentensi inayodai kwamba jambo lilitokea, iandikie herufi moja pambizoni. N ni niliona au nilisikia kwa masikio yangu. S ni nilisimuliwa. D ni nadhani. Ukisita kati ya N na S, andika S. Usijiruhusu kuacha pambizo tupu kwa sababu "kila mtu nyumbani anajua", kwani jambo linalojulikana na kila mtu nyumbani kwa kawaida lilianzia kwa mtu mmoja aliyelisema kwa hasira.

Hii hapa aya ya mwandishi wetu kama ilivyokuja:

"Jumapili ile tulipotoka kanisani, baba alimwita baba mdogo chumbani akamkabidhi pesa zote. 'Hii ni elimu ya mwanangu, usiichezee,' alimwambia. Jioni tulikusanyika kwa mwalimu mkuu kutazama mazishi ya Sokoine kwenye televisheni. Baba mdogo hakuonekana. Alikuwa ameshaanza kuinywa ile pesa. Mwezi mzima alikuwa kilabuni, na ada ikaliwa yote."

Inasomeka vizuri, na mwandishi haongopi kwa makusudi. Tuipitie hata hivyo.

Anza na mambo yanayoweza kupimwa nje ya familia. Waziri Mkuu Edward Sokoine alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984, siku ya Alhamisi. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Zanzibar walikuwa nacho tangu miaka ya 1970, lakini kijijini Mpwapwa mwaka 1984 watu waliisikia habari ile kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam. Picha za jeneza na umati ambazo mwandishi anazo kichwani kwa hakika amezipata miaka mingi baadaye, vituo vilipoanza kurudia picha za zamani kila Aprili. Kumbukumbu imezichukua na kuzipachika kwenye ua wa mwalimu mkuu.

Wengi wakifika hapa hufuta neno televisheni, wakaandika redio, wakaendelea. Hapo ndipo wanapopoteza faida ya kosa lenyewe. Kosa hili linakuambia kwamba Jumapili ya kanisani, siku ya taarifa ya kifo na siku ya mazishi zimeshonwa pamoja zikawa siku moja. Sasa tazama ni sentensi gani imeegemea mshono huo: "Baba mdogo hakuonekana" jioni ile. Jioni ipi? Kama pesa zilikabidhiwa Jumapili na watu walikusanyika redioni siku nyingine, kutoonekana kwake hakuna maana yoyote. Huenda alikuwa amesharudi Morogoro kazini. Nguzo ya shutuma nzima imesimama juu ya jioni isiyojulikana.

Kisha maneno ya baba. Amemwita mdogo wake chumbani. Binti alikuwa wapi? Mwandishi anapoulizwa anajibu kwamba alikuwa uani, na maneno yale aliyasikia kwa mama baadaye. Basi ni S, si N. Isitoshe, baba alizungumza na mdogo wake kwa Kigogo, na haya ni maneno ya Kiswahili yaliyowekwa kwenye alama za mtajo miaka arobaini baadaye. Kanuni ninayoifuata ni hii: alama za mtajo nazibakiza kwa kauli ambayo mwandishi aliisikia mwenyewe na amekuwa akiikumbuka hivyohivyo, au ile ambayo ukoo umeirudia mpaka imekuwa kama methali ya nyumbani. Nyingine zote zinageuzwa kuwa taarifa: mama alinisimulia kwamba baba alimwonya asiichezee. Ikiwa mazungumzo yalikuwa kwa lugha nyingine, inatosha kusema hivyo mara moja mwanzoni mwa kitabu.

"Alikuwa ameshaanza kuinywa" ni D tupu. "Mwezi mzima alikuwa kilabuni" ni D nyingine, maana binti hakuwa Morogoro. Na "ikaliwa" ni kauli ya kutendwa, ambayo katika kumbukumbu za kifamilia nimejifunza kuitilia shaka kila inapotokea. Pesa ikaliwa, shamba likauzwa, mtoto akarudishwa, ikasemwa. Mtendaji hatajwi, lakini msomaji ameshamjua. Mwandishi amepata njia ya kushtaki bila kutoa ushahidi. Zizungushie duara zote, kisha jaribu kuiandika kila moja upya kwa mtendaji aliyetajwa: "Baba mdogo alikula pesa." Kama mkono unasita, umesita kwa sababu nzuri.

Baada ya herufi, tafuta karatasi. Barua ya kuchaguliwa, fomu ya kujiunga, picha zenye tarehe nyuma, barua za baba, daftari la madeni la dukani kama lilibaki. Fomu ya kujiunga hasa ni dhahabu, maana huonyesha siku ya kuripoti, kiasi kilichotakiwa na vitu vya kununua. Mwandishi wetu aliikuta fomu kwenye sanduku la mama, na ndipo akaona kwamba ada ilikuwa sehemu ndogo. Godoro, blanketi, sare, viatu, ndoo, jembe na tranka ndivyo vilivyokuwa mzigo.

Halafu waulize watu, mmoja mmoja, kila mmoja kivyake. Ukiwauliza kwa pamoja, mkubwa atasema na wengine watakubaliana naye, na utaondoka na simulizi moja badala ya tatu. Swali liwe wazi lisiloelekeza jibu. Usiulize, "Mama, unakumbuka baba mdogo alivyokula ada?" Uliza, "Mama, mwaka ule mambo ya shule yangu yalikwendaje?" Kisha nyamaza.

Katika mfano wetu mama alisema pesa iliyotolewa siku ile ilikuwa nusu tu, kwa sababu ng'ombe wa pili hakupata mnunuzi wa bei nzuri mnadani. Shangazi alisema baba mwenyewe alikuwa na deni, na sehemu ya pesa ilikwenda kulipia deni hilo kwa idhini yake. Hakuna hata mmoja aliyesema pesa ilinywewa. Wala hakuna aliyesema baba mdogo hakunywa. Usiharakishe kuchagua mshindi hapa. Mama analinda heshima ya marehemu mumewe, shangazi analinda kaka zake wote wawili, na mwandishi analinda kidonda alichokibeba miaka yote. Simulizi hizi tatu ndizo mali ya sura.

Swali la mwisho la usomaji huu ndilo gumu kuliko yote: ni kitu gani nikikiweka hapa kitanivurugia hoja? Usiliulize kwa jumla. Liulize kwa kila ndugu unayemshutumu, na uandike jibu kwenye karatasi. Mwandishi wetu aliandika: mwaka 1986 nilikaa kwa baba mdogo Morogoro nikijifunza ushonaji, na ni yeye aliyelipa. Jambo hilo halikuwa popote kwenye sura wala kwenye kitabu. Halikufichwa kwa hila. Halikupata pa kukaa, kwa sababu sura ilikuwa imeshaamua yeye ni nani.

Usomaji wa pili: nini kimeonyeshwa, nini kimefupishwa

Chukua kalamu ya rangi nyingine, upige mstari wa wima pembeni mwa kila onyesho. Muhtasari uache bila mstari. Kisha hesabu maneno ya kila kipande, hata kwa makadirio.

Sura yetu ilitoka hivi. Safari ya kumpeleka ng'ombe mnadani, onyesho, maneno 900. Harusi ya binamu, onyesho, maneno 650. Mwaka mzima wa kukaa nyumbani, muhtasari, maneno 1,200. Kukabidhiwa pesa pamoja na kilabuni, maneno 110, karibu yote muhtasari. Usiku baba alipomwambia binti kwamba mwaka huu hutakwenda, muhtasari, maneno 240.

Wapo wanaofundisha kwamba sura iwe na sehemu fulani ya maonyesho kwa kila sehemu ya muhtasari. Mimi siamini uwiano wa namna hiyo. Ninachotazama ni kama uzito wa maneno umekaa pale penye uzito wa jambo. Hapa haujakaa. Sura inahusu pesa iliyokabidhiwa na taarifa iliyotolewa usiku, na vyote viwili kwa pamoja vimepewa nafasi ndogo kuliko harusi ambayo haihusiani na lolote. Mwandishi aliiandika harusi kwa urefu kwa sababu ilikuwa rahisi kuikumbuka na haikuuma.

Kiswahili kinakusaidia kuziona sehemu hizi hata ukiwa umechoka. Muhtasari hujaa hu-, -ki- na "kila": baba hukaa, tulikuwa tukiamka, kila Jumatatu. Onyesho hutembea kwa -li- na -ka- likiwa na vitu vya kushika: aliinua, akakunja, akauliza. Lakini -ka- inaweza kukudanganya. "Akachukua pesa, akaondoka, akafika mjini, akainywa, akarudi" inaonekana kama onyesho, na kumbe ni mwezi mzima uliobanwa katika mstari mmoja, tena mwezi ambao mwandishi hakuushuhudia. Ukiona -ka- nne au tano zimefuatana bila mahali, bila kitu na bila sauti ya mtu, huo ni muhtasari uliovaa nguo za onyesho.

Sasa uamuzi. Onyesho lina sharti moja ambalo wengi hulisahau wakishauriwa "onyesha, usieleze": linaweza kujengwa tu kwa kile kilichopata herufi N. Ukijenga onyesho la chumbani, na hukuwa chumbani, umetoka kwenye kumbukumbu umeingia kwenye hadithi ya kubuni. Kwa hiyo mwandishi wetu hakuambiwa atuonyeshe makabidhiano. Aliambiwa atuonyeshe ua. Hivi ndivyo alivyoandika upya:

"Sikuwa chumbani. Nilikuwa uani napepeta mtama, na mlango wa baba ulikuwa umerudishiwa. Baba mdogo alitoka na leso mkononi, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti. Akaniona. 'Godoro wameandika la inchi ngapi?' akauliza. Nikamwambia sijui, fomu anayo baba. Akarudi ndani kuuliza. Mama ndiye aliyenisimulia baadaye kwamba baba alimwonya asiichezee pesa ile."

Maneno ni machache na hukumu imetoweka, lakini sasa tunamwona mtu. Swali la godoro, ambalo mwandishi analikumbuka vizuri sana na ambalo rasimu ya kwanza ililiacha, linamwonyesha baba mdogo akiwa na nia ya kununua godoro siku ile. Kilichotokea baada ya hapo bado hatukijui. Msomaji anaingia katika kutojua huko pamoja na binti, na hapo ndipo pana uchungu wa kweli.

Usiku wa taarifa nao ulistahili onyesho, kwa sababu binti alikuwepo na alisikia kila neno. Uliongezwa kutoka maneno 240 hadi karibu 600. Harusi iliondolewa yote.

Usiuonee muhtasari, lakini. Mwaka wa kukaa nyumbani ni muhtasari kwa asili yake, maana siku zilifanana. Kosa lake lilikuwa urefu na ujumla: maneno 1,200 ya huzuni, upweke na ndoto zilizozimika. Ulipunguzwa ukawa maneno 350, na kila sentensi ikapewa kitu: karanga za kubangua, ndoo, njia ya wanafunzi iliyopita nyuma ya nyumba, na jinsi alivyokuwa akiingia jikoni kila alipowasikia wakija. Muhtasari mzuri hujulikana kwa namna hiyo. Unakusanya muda mrefu lakini bado una vitu ndani yake.

Chunguza mwisho wa kila muhtasari. Hapo ndipo sentensi kama "Tangu siku hiyo familia yetu haikuwa moja tena" hupenda kukaa. Iulize: ni nani hakumtembelea nani, na lini? Mwandishi wetu alipoulizwa hivyo alikumbuka kwamba Krismasi ya mwaka uleule baba na mdogo wake walichinja mbuzi pamoja. Familia ilikuwa moja. Yeye ndiye aliyekaa pembeni, na hilo ni jambo la kweli zaidi na la kuandikwa.

Usomaji wa tatu: ndugu walio hai

Kwa rangi ya tatu, pigia mstari kila ndugu aliye hai kila anapotajwa, hata kwa neno moja. Kisha, kwenye karatasi ya pembeni, andika kwa kila mmoja sura inasema alifanya nini, umejuaje (herufi zako za mwanzo), na nini kitampata watu wa kwake wakisoma. Wahesabu pia watoto wa waliofariki. Marehemu hawezi kujibu, lakini wajukuu wake watasomewa kitabu darasani na jirani.

Usijidanganye kwamba kubadilisha jina kunatosha. Kunamsaidia ndugu mbele ya wageni. Ndani ya ukoo, "baba mdogo aliyekuwa Morogoro" ni mtu mmoja tu, umwite jina lolote.

Anza na yale yanayoondoka bila mjadala. Katika harusi iliyofutwa kulikuwa na sentensi moja: binamu, "ambaye sote tulijua si mtoto wa baba mdogo". Mwandishi aliirusha kama kiungo. Hata kama ni kweli, si siri yake. Ni ya binamu, ya mama yake binamu na ya baba mdogo, na haibadilishi lolote katika habari ya ada. Nasaba, ugonjwa, mimba zilizoharibika, mambo ya unyumba ya watu wengine: swali moja linatosha. Je, nikiondoa hili, habari yangu mimi inavunjika? Kama haivunjiki, linaondoka. Watoto walio chini ya miaka kumi na minane nawaondolea hata mengine yasiyo siri, kwa sababu hawawezi kukupa ridhaa ya kweli.

Kisha sifa. Mlevi, mchoyo, mwongo, mpole, mtakatifu. Kila moja ibadilishwe kwa tendo uliloliona, na idadi ya mara ulizoliona iwe ya kweli. Mwandishi wetu alimwita baba mdogo mlevi mara sita katika sura. Alipoulizwa amewahi kumwona amelewa mara ngapi, alikumbuka mara moja, Krismasi, akiimba akiwa amekaa juu ya kinu. Sura sasa ina Krismasi hiyo, na neno mlevi halimo. Kumbuka pia kwamba sifa nzuri kupita kiasi nazo ni dhuluma. Mama katika rasimu alikuwa mvumilivu kwenye kila ukurasa, hana hasira wala uamuzi wake mwenyewe. Mama halisi, alipoulizwa, ndiye aliyekataa ng'ombe wa pili asiuzwe kwa bei ya hasara. Kumwondolea uamuzi huo ili abaki mtu mwema ni kumpunguza.

Hakikisha kila anayeshutumiwa ana walau mahali pamoja anapoonekana akiwa na haja zake mwenyewe, mbali na kile alichokutendea wewe. Kwa baba mdogo ni swali la godoro, na ule mwaka 1986 wa ushonaji, ambao sasa umeingizwa mwishoni mwa sura kwa aya mbili bila maelezo ya kuupamba. Na wewe mwandishi ujiweke kwenye mizani ileile. Aliyeandika sura hii alikataa kupokea mkono wa baba mdogo kwenye msiba wa baba yake, mbele ya watu. Jambo hilo liliingia.

Kwenda kumsomea

Katika hatua zote hii ndiyo inayoogopwa zaidi, kwa hiyo nitaieleza kwa urefu. Usitume faili kwenye kundi la Wasapu la ukoo. Mtu atasoma ukurasa mmoja, ataupiga picha, na ndani ya saa moja utakuwa na kikao ambacho hukukiitisha. Nenda mwenyewe, na kama uhusiano una ufa, pitia kwa mtu wa kati ambaye pande zote zinamheshimu. Hapa alikuwa shangazi. Yeye ndiye aliyempigia simu kaka yake kwanza, akamweleza kwamba binti anaandika maisha yake na angependa kumsomea panapomhusu.

Msomee sehemu anamotajwa pamoja na ukurasa mmoja kabla yake, ili asikie maneno yakiwa mahali pake. Soma kwa sauti, polepole, hasa kwa mzee ambaye macho yamechoka. Kabla ya kuanza mweleze wazi: "Baba, nilipokosea jambo utanisahihisha. Tunapokumbuka tofauti, nitaandika na ya kwako. Lakini kitabu ni cha maisha yangu." Ukiacha kusema hivi, atadhani umeleta rasimu aipitishe, na baadaye ataona umemhadaa. Akizungumza usimkatize wala usijitetee. Jioni hiyohiyo andika alichosema, na tarehe.

Majibu huwa ya aina tatu, na kila aina ina dawa yake. Akikuonyesha kosa la jambo linalopimika, rekebisha. Akiwa na kumbukumbu nyingine, iweke ndani ya sura, kwa maneno yake. Akisema usiandike kabisa, usijibu palepale. Rudi nyumbani uulize lile swali la awali: je, habari yangu inavunjika bila hili?

Baba mdogo wetu alijibu kwamba pesa haikutosha, kwamba alikwenda nayo shuleni na wakamrudisha kwa sababu vitu havikukamilika. Binti alimuuliza kilichobaki kilikwenda wapi. Hakujibu, aliuliza kama wageni wameshapewa chai. Mwandishi aliviandika vyote: jibu, swali na chai. Hakuongeza kwamba kimya kile kilikuwa kukiri. Kuongeza hivyo kungekuwa kurudi kwenye D.

Kuna hali ambazo sishauri kwenda kumsomea mtu. Ikiwa ndugu alikupiga, alikunajisi, au kuna mtu anayeishi naye ambaye ataumizwa kwa sababu ya maandishi yako, usalama unatangulia adabu. Hapo rasimu aione mwanasheria na msomaji mmoja unayemwamini, na uangalie zaidi kile unachoweza kukithibitisha. Mwanasheria anafaa pia kila sura inapomtaja mtu aliye hai kwa wizi, ugonjwa au kosa la jinai. Kwenye madai ya kashfa, ukweli unakulinda pale tu unapoweza kuuthibitisha, na "kila mtu alijua" si uthibitisho. Kwa Tanzania muulize pia kuhusu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kwa Kenya ile ya mwaka 2019, kwa sababu habari za afya ya mtu zinahesabiwa kuwa nyeti.

Kuandika upya, na namna ya kujua kama imekaa

Sasa sahihisha. Anza na zile sentensi zilizoonekana na kasoro katika kila usomaji, maana ndizo zilizobeba kosa zima. Katika sura yetu zilikuwa nne tu, zote ndani ya kile kipande cha maneno 110. Ukizitengeneza hizo, nyingine nyingi zinajirekebisha, kwa sababu zilikuwa zikizitumikia. Tunza rasimu ya zamani, fomu, na maelezo ya mazungumzo kwenye bahasha moja yenye tarehe. Ndugu mwingine akija na simulizi ya nne baada ya kitabu kutoka, utajua uliandika nini na kwa msingi gani.

Sura ilishuka ikawa karibu maneno 2,400. Palipokuwa na "ada ikaliwa yote" sasa pana sentensi tatu: mama anasema pesa ilikuwa nusu, shangazi anasema ilikwenda kwenye deni, baba mdogo anasema alirudishwa shuleni. Baada ya hizo mwandishi anaandika kwamba kwa miaka mingi yeye aliamini ilinywewa, na kwamba hakuwahi kuuliza.

Mpe sura mtu asiyeijua familia yako. Akimaliza, muulize swali moja tu: baba mdogo ni mtu wa namna gani? Akijibu kwa neno moja, liwe mwizi au malaika, muombe akuonyeshe ukurasa uliompa neno hilo, na uanze tena na herufi zako kwenye ukurasa huo. Akianza kukusimulia aliyoyafanya, akasita, akarudi nyuma kujisahihisha, sura inaweza kwenda kwa mchapaji.